Kasulo: watu 20, udongo mmoja, na sheria ya kutoka

Mama mmoja aliyekuwa mkaaji wa Kasulo anakumbuka mwaka 2014, wakati kobalti ilionekana chini ya parseli za watu na kila mutu akaanza kuchimba nyuma ya nyumba yake. Mwaka 2017 sehemu ya kartie ilizungushiwa ukuta kwa ajili ya mgodi, na jamaa zilizokaa pale zikapewa feza na kuhama. Feza yake iliishia kwenye kodi ya nyumba, masomo ya watoto na kilio cha mume wake. Leo anapanga nyumba ya mutu, na peke yake hawezi kununua parseli.

Ndiyo maana yeye na majirani wa zamani wameandika mpango. Si likelemba ya kawaida, ambamo kila mwezi mmoja anabeba feza yote na kurudi kwake. Hapa feza inakaa pamoja mpaka udongo ununuliwe. Watu 20 wanatoa kila mmoja dolari 20 kwa mwezi, ni kusema dolari 400. Kwa miezi 24 wanapata 9,600: 9,000 za kununua, 600 za karatasi. Anayelipa kwa faranga anahesabiwa kwa bei ya dolari ya siku ile. Feza inakaa benki, na haitoki bila sahihi tatu.

Swali la kwanza lilikuwa: udongo utaandikwa kwa jina la nani? Baba mmoja alipendekeza jina la prezida wa kundi. Mama akakataa: “Siku akifa, watoto wake watasema ni mali ya baba yao, na karatasi itawapa haki.” Kwa hiyo wanaandikisha kopereti. Sheria ya OHADA inaruhusu kopereti ndogo kuanzia watu watano, na kila mutu ana sauti moja. Kopereti haipewi haki ya udongo ya milele, ile ni ya raia Mukongomani mwenyewe. Inapewa ya muda, isiyopita miaka 25, inayoweza kurudiliwa. Kisha wanaweza kupima, kugawa na kutafutia kila mmoja karatasi yake.

Kupiga kura kuko kwa namna mbili. Mambo madogo yanaamuliwa na zaidi ya nusu ya waliofika kikao. Kununua, kuuza au kukopa kunaomba sauti 15 kati ya 20, hata kama watu wachache wamefika. Muuzaji mara nyingi anasukuma: “Lipeni leo, kesho kuna mwingine.” Sauti 15 hazipatikani kwa haraka, na ndiyo faida yake.

Lakini kuna jambo ambalo hata sauti 20 haziwezi kuruka. Kwa sheria ya mwaka 1973, udongo ni wa Serkali, na haki ya mutu inahakikishwa na sertifika ya konservateri. Karatasi ya shefu wa kartie peke yake haitoshi. Kabla ya kulipa, watu wawili wanapeleka namba ya sertifika kwa konservateri kulinganisha na kitabu chake. Kisha wanauliza kwenye kadastri ya madini, CAMI, kama fasi ile iko ndani ya kibali cha kampuni. Ikiwa ndani, hawanunui. Hata sertifika nzuri haimpi mutu madini ya chini. Yale ni ya Serkali, na wao hawataki kuhamishwa mara ya pili.

Mabishano makubwa yalikuwa juu ya kutoka. Anayetoka mbele ya kununua anaandika barua, anangoja miezi mitatu, na anakatwa sehemu ya kumi. Aliyelipa miezi kumi ametoa 200, anarudishiwa 180. Kijana mmoja aliuliza sababu ya kungoja. Mama akamjibu kwa hesabu: watatu wakitoka siku moja, ni dolari 540, kumbe mwezi mzima unaingiza 400 tu.

Baada ya kununua, hakuna kukata kipande. Udongo unapimwa bei na kugawanywa kwa 20. Kama umefika dolari 12,000, fungu ni 600, na wanaobaki wanalipa 100 kwa mwezi, miezi sita. Wakishindwa, anaweza kuuzia mutu mwingine aliyekubaliwa kwa kura.

Na anayekufa? Siku ya kuingia, kila mutu anaandika jina la atakayerithi fungu lake, mbele ya mashahidi wawili. Mama hakungoja. Alipofiwa, ndugu za mume walikuja kuhesabu hata viti. Alichukua kalamu wa kwanza, akaandika jina la binti yake.