Nilikuwa Nikikata Intaneti Saa Sita Usiku

Ninauza intaneti ya majumbani Kitale na Bungoma. Miaka ya mwanzo nilijisifu kwamba mfumo wangu hauna upendeleo. Tarehe ya kulipa ikifika, saa sita usiku ulituma ombi la M-Pesa kwenye simu ya mteja ili aweke PIN. Asipoiweka, ombi lilirudiwa mara tatu, kila baada ya dakika kumi, kisha laini ikakatwa. Mimi nimelala.

Aliyenibadilisha ni mama mmoja mwenye saiba Bungoma. Alinipigia saa mbili asubuhi, foleni ya wateja ikimtazama. "Mwanangu, pesa ninayo tangu jana. Uliniomba saa ngapi?" Nikafungua kumbukumbu za mfumo. Maombi yote manne yalirudi na namba 1037, yaani simu haikupatikana au ombi halikujibiwa. Alikuwa ameizima akalala.

Siku hiyo nilisoma kumbukumbu za mwezi mzima. Kumbe namba zilikuwa zikinieleza mambo tofauti, mimi nikiyaita yote deni. 1037, ombi halikumfikia mteja, au halikujibiwa. 1032, limemfikia, akalikataa. 1, salio halitoshi, na huyo hata umsumbue mara kumi kwa saa moja salio haliongezeki.

Sasa ombi hutoka saa moja jioni, watu wakiwa macho na wa boda wamepata cha siku. 1037 hurudiwa asubuhi. 1 hungoja jioni inayofuata. 1032 sirudii kabisa. Namtumia mteja ujumbe wenye namba ya Paybill, alipe akiwa tayari. Na kabla ya kurudia lolote, mfumo huuliza kwanza lile la awali liliishia wapi, kwa sababu jibu la malipo huweza kupotea njiani hali pesa imeshaingia. Mzee mmoja wa Kitale nilimtoza mara mbili kwa njia hiyo. Nilimrudishia pesa yake nikiwa nimesimama mlangoni kwake, na chai sikupewa.

Asiyelipa hupewa siku tatu za subira. Kasi hushuka hadi megabiti 1 kwa sekunde: ujumbe unapita, sinema haipiti. Siku ya nne, saa nne asubuhi, ndipo laini hukatwa, nikiwa macho kupokea simu yake. Jumapili sikati.

Niliogopa kwamba watu wataizoea subira hiyo, na wapo walioizoea. Kwa hiyo anayelipa ndani yake, mwezi wake huhesabiwa kuanzia tarehe ya zamani: wa tarehe 5 akilipa tarehe 8, mwezi ujao atadaiwa tarehe 5 vilevile. Aliyekatwa akarudi baada ya wiki mbili huanza upya siku anayolipa, maana siwezi kumtoza siku za giza.

Mwalimu mmoja aliyekuwa akilipa siku ya tatu kila mwezi alinipigia baada ya kupiga hesabu. "Kwa hivyo zile siku tatu si za bure?"

"Si za bure, Mwalimu."