Kazi ya Soo Nne Iliyonilipa Bob 14

Makomredi, wacha niwapigie hesabu ambayo mimi nilichelewa kuipiga.

Nikiwa mwaka wa pili nilipata kibarua kwa duka la nguo tauni. Saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, siku tano kwa wiki, shilingi 400 kwa siku. Nilijiona nimeomoka.

Sasa ona. Kutoka Kahawa Wendani kwenda tauni nilikuwa nalipa 80, kurudi 100. Boda ya kutoka steji usiku, 50. Chapati na maharagwe, kwa sababu nikifika nyumbani siwezi kupika, 70. Nilibaki na 100. Na hiyo kazi ya saa nne ilikuwa inanikula saa saba, kwa sababu natoka saa tisa na nusu nikiogopa foleni, narudi saa nne na nusu. Gawanya mia moja kwa saba: bob 14 kwa saa. Mvua ikinyesha na nauli ipande, nafanya kazi bure.

Kilichonimaliza si pesa. Mtihani wa katikati ya muhula ulihamishwa hadi saa kumi na moja jioni. Bosi akasema nisipokuja nisirudi tena. Nikaenda kazi. Mhadhiri aliniambia kazi si ugonjwa, na alama zangu zikaandikwa sifuri.

Nikaacha. Safari hii nilianza na ratiba. Nilichora wiki yangu, nikakata masomo, nikakata saa za barabarani, nikaona nafasi iko kuanzia saa kumi na mbili jioni, na ni karibu na nyumbani tu. Nikamwambia mama mboga wetu, "Mathe, ukisikia mtu anatafuta wa kufundisha watoto hesabu, nikumbuke." Akacheka: "Kwani hukujua jirani yako wa juu anatafuta?"

Sasa nafundisha watoto wawili, saa moja na nusu, shilingi 300 kwa jioni, mara tatu kwa wiki. Nauli sifuri. Hiyo ni 900 kwa wiki. Dukani nilikuwa nabaki na 500.

Lakini si rahisi sana. Aprili, Agosti na Desemba shule zikifungwa, watoto wanaenda ushago na pesa inakatika, kwa hivyo naweka 200 kila wiki. Mwezi wa kwanza mzazi alinizungusha na malipo, tukakubaliana atume M-Pesa kila Ijumaa. Na ratiba ya mitihani ikitoka, hata kama bado itabadilishwa, namtumia siku hiyo hiyo. Mara ya kwanza aliniambia, "Soma kwanza, mwanangu. Watoto watakungoja."

Kabla hujakubali kazi, toa nauli na chakula kwanza, halafu ugawanye na saa zote, kuanzia ukifunga mlango hadi ukiufungua. Kisha muulize bosi: siku ya mtihani itakuwaje? Akianza kunung'unika hapo, jibu umepata.