Ukuta Uliobeba

Mwezi uliopita niliamua kuunganisha sebule na chumba cha kulia katika nyumba ya ghorofa moja niliyorithi. Fundi aliutazama ukuta wa kati, akapanda juu hadi chumba cha wanangu, akarudi. "Dokta," akasema, "huu umebeba. Siugusi bila injinia."

Niliudhika, kwani machoni pangu kuta zote ni matofali na plasta. Akachimba kidogo kando ya ukuta, akanionyesha msingi wa mawe chini yake; ule wa stoo ulikuwa umekaa juu ya sakafu tu. Kisha akanikumbusha kwamba ukuta wa chumba cha watoto umesimama moja kwa moja juu ya huu. Ukuta wa stoo hugawa nafasi na kujibeba wenyewe, bali huu hupokea uzito wa juu na kuushusha ardhini.

Tukapiga hesabu. Slabu ya zege yenye unene wa sentimeta 15 ina takribani kilo 375 kwa kila mita ya mraba. Vyumba vyote viwili vina upana wa mita 4, hivyo ukuta wa kati hupokea, kwa uchache, mita 2 kutoka kila upande. Uwazi wa mita 3 nilioutaka ungeondoa tegemeo la tani nne na nusu, kabla ya kuhesabu ukuta wa juu, vitanda na watu.

Injinia aliyekuja baadaye aliongeza jambo ambalo sikulijua. Zege huhimili kubanwa lakini hupasuka likivutwa. Kazi ya kuvutwa huachiwa nondo. Slabu inapopita juu ya ukuta, sehemu inayovutwa ni ya juu, na huko ndiko nondo zilizowekwa kwa wingi. Ukiuondoa ukuta, sehemu inayovutwa pale pale huwa ya chini, penye nondo chache. Tena slabu ikivuka mita 8 badala ya 4, nguvu ya kuipinda huwa mara nne. Huenda isianguke siku hiyo. Huanza kwa mlango wa juu kugoma kufunga, kisha ufa wa mshazari kwenye pembe yake, na mwenye nyumba huuziba kwa plasta. (Mimi ningeuziba.)

Inawezekana kuuondoa: slabu ishikiliwe kwanza kwa jeki za chuma pande zote mbili, iwekwe boriti iliyokokotolewa, nayo ikae juu ya nguzo mbili. Lakini uzito uliokuwa umetandazwa kwenye msingi mrefu ungekusanyika katika nukta mbili, na kila nguzo ingehitaji msingi wake mpya. Gharama yake ilizidi akiba yangu.

Tumebomoa ukuta wa stoo. Sebule imepanuka kwa mita moja na nusu, na wanangu bado wanalala chumba kile kile.