Viza ya Majuu: Bei ya Dirishani Si Bei Yenyewe

Ukitaka kumfilisi kijana wa mjini bila kumwibia, mwambie tu, "Viza yenyewe yuro 90, unashindwaje?" Mimi niliambiwa hivyo na dada yangu aliyeolewa majuu. Alikuwa amejifungua, akataka nikamwone mpwa wangu.

Ni kweli, yuro 90 ndiyo ada ya viza ya matembezi ya nchi za Schengen tangu Juni 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 80. Siku nalipa mimi ilifika shilingi 261,000. Pasi nilikuwa nayo, basi nikauza redio na spika zake, nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe!

Mwenzenu naishi Dodoma. Makao makuu ni kwetu, lakini balozi karibu zote bado ziko Dar, na kama ni mara yako ya kwanza lazima ufike mwenyewe uchukuliwe alama za vidole. Treni ya SGR nililipa 31,000. Tamu kweli, unasinzia kidogo ukishtuka uko Morogoro. Ila kuna kwenda na kurudi, halafu kuna kwenda tena kufuata pasi na kurudi. Tiketi nne hizo, 124,000. Gesti Kariakoo usiku tatu, 90,000. Msosi, daladala na bodaboda kwa siku tano, 100,000. Jumla 314,000. Umeona mambo? Nauli ya kufika dirishani imeipiku ada ya dirishani.

Halafu makaratasi. Picha nilipiga Dodoma kwa 5,000, nyuma bluu, nimependeza kama bwana harusi. Dirishani ikarudishwa: wanataka milimita 35 kwa 45, nyuma peupe, na iwe ya miezi sita ya karibuni. Nikapiga nyingine hapo hapo mjini kwa 10,000. Bima ya safari, ambayo lazima ifike yuro 30,000 za matibabu, ilinigharimu 75,000. Barua ya serikali ya mtaa na hati ya shamba la mzee zilikuwa za Kiswahili, kuzitafsiri na kugongwa muhuri 60,000. Taarifa ya benki na fotokopi, 25,000.

Jumlisha sasa: ada 261,000, safari 314,000, makaratasi 175,000. Ni 750,000. Kwa hiyo wewe wa mkoani, ukisikia ada ya viza, izidishe mara tatu ndipo uanze kuchanga. Wa Dar utoe nauli na gesti. Na uulize mapema kama maombi yanapokelewa ubalozini au kwenye kituo cha kampuni, kwani kituo kina ada yake ya huduma juu ya ile 90.

Hapo sijamtaja wakala. Huyu nilimpata kijiweni Posta, shati limenyooka, simu mbili. Alitaka 300,000, akachukua nusu kwanza. Kazi yake? Kujaza fomu ambayo ningejaza mwenyewe, na "kuipendezesha" akaunti yangu. Aliniwekea milioni tano za kuazima siku mbili kabla sijachukua taarifa ya benki. Miezi yote mshahara unaingia na kutoka, mara ghafla milioni tano! Hata mtoto angejiuliza. Karatasi ya majibu ikaja na alama kwenye kisanduku: fedha za kujikimu hazijathibitishwa. Wakala akazichukua milioni zake, na simu zote mbili zikawa hazipatikani.

Ada hairudishwi ukikataliwa. Bima baadhi ya kampuni hurudisha ukionyesha barua ya kukataliwa. Mimi sikuuliza, nikachelewa. Ndiyo maana siku hizi nachora safu mbili daftarini. Ya kwanza ni pesa inayokufa hata wakikunyima: ada, picha, tafsiri, nauli, gesti. Ya pili ni pesa ya kutoa viza ikishagongwa tu, na kubwa humo ni tiketi ya ndege. Wakala alinisukuma niilipie kabla, wakati kinachotakiwa ni nafasi iliyoshikwa, siyo tiketi iliyolipwa. Hapo peke yake niliponea chupuchupu.

Hesabu yangu ya mwisho ni 900,000, pamoja na ile 150,000 ya bwana shati. Sasa nachanga upya. Alama zangu za vidole wanazitunza miezi 59, hivyo huenda safari hii nisichukuliwe tena. Bima nitakata nyingine, barua ya mtaa nitaomba mpya, hati ya shamba imeshatafsiriwa. Wakala sifuri. Na akaunti yangu naiacha na sura yake ile ile, maskini lakini inaeleweka, dada akiniandikia barua kwamba malazi na chakula ni juu yake.

Mpwa wangu ameanza kutembea. Amefika sebuleni kabla mimi sijafika Dar.