Anko, ami au mjomba? Riwaya inapohama lugha na watu wa nyumbani wanapobadilika



Wengi wetu hapa visiwani tuna ndugu aliyeolewa Uingereza, Kanada au Maskati, na watoto wake wanasoma vitabu vya kwetu kwa Kiingereza kabla hawajavijua kwa Kiswahili. Kitabu ni kimoja, lakini kinachowafikia wao si kile kinachotufikia sisi. Leo tuzungumzie maneno machache tu ya nyumbani na ya ndoa, maana hapo ndipo tofauti inapouma zaidi.

Tutatumia riwaya moja inayofaa kuliko nyingi. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, aliandika Paradise kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, na mwaka 2022 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis. Kwa ambao hawajaisoma: ni kisa cha kijana Yusuf, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, anayechukuliwa na tajiri aitwaye Aziz. Kumbe ni rehani. Baba yake ana deni asiloweza kulilipa, na mtoto ndiye aliyewekwa badala ya fedha. Mambo haya yanatokea miaka michache kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wakati Wajerumani wanatawala bara.

Basi tuanze na huyo tajiri. Kwa Kiingereza mtoto anamwita kwa neno ambalo sisi siku hizi tumelifanya "anko". Neno hilo kwa Kiingereza ni moja tu. Ndugu wa baba ni anko, ndugu wa mama ni anko, mume wa shangazi ni anko, na hata rafiki wa baba anayekuja na zawadi ni anko. Msomaji wa Kiingereza hana haja ya kuuliza ni wa upande gani.

Mfasiri wa Kiswahili hana raha hiyo. Lazima achague, na kila chaguo lina uzito wake. Akiandika "mjomba", sisi tunaona upande wa mama: mtu wa mapenzi, wa kudekeza, ambaye mtoto akikosana na baba hukimbilia kwake. Akiandika "ami", tunaona upande wa baba, na pamoja nao tunaona mamlaka. Nyinyi mnaojiandaa kuolewa mnalijua hili vizuri. Kwa madhehebu yetu ya Kishafi, baba akikosekana uwalii huenda kwa babu mzaa baba, kisha kwa kaka wa baba na mama, kaka wa kwa baba, watoto wao wa kiume, na baada yao ami. Mjomba hayumo katika safu hiyo, hata awe amekulea tangu utotoni. Kwa hiyo ami ni mtu anayeweza kusimama mahali pa baba yako.

Sasa rudi kwenye kisa. Yusuf anapofika dukani, kijana mwenzake Khalil anamkanya kwamba yule si ndugu yake hata kidogo, na kwamba amwite Seyyid. Kwa Kiingereza hapo mtoto anapoteza neno la adabu. Kwa Kiswahili, ukiwa umemzoea kama ami, anapoteza mtu aliyedhani ni wa damu, anayeweza kusimama badala ya baba. Ukiwa umemzoea kama mjomba, anapoteza kimbilio. Usaliti ni ule ule, lakini kidonda kinakaa mahali tofauti. Na mfasiri akiepa kwa kuandika "anko", basi onyo la Khalil linapoa, kwa sababu kila mtu anajua kwamba anko wa siku hizi anaweza kuwa dereva wa daladala.

Neno la pili ni la mke wa tajiri. Kwa Kiingereza anaitwa kwa cheo chenye maana mbili: mwanamke mwenye nyumba anayeamrisha watumishi, na pia mwanamke anayewekwa na mwanamume nje ya ndoa. Msomaji wa Kiingereza anazisikia zote mbili kwa pamoja, na ile ya pili inampa wasiwasi ambao haujasemwa wazi. Kiswahili hakina neno moja lililobeba yote mawili. Mfasiri atakuwa na "Bibi", "Mwenye nyumba", au "Bi Mkubwa".

"Bi Mkubwa" linapendeza sikioni. Ndivyo tunavyowaita mama zetu na wenye heshima nyumbani. Lakini pana mtego. Mwanamke yeyote wa pwani akisikia Bi Mkubwa ndani ya nyumba ya tajiri, swali linamjia lenyewe: Bi Mdogo ni nani? Na katika riwaya hii jibu la swali hilo ni siri ambayo Yusuf anaijua kwa kuchelewa sana. Amina, msichana anayempenda, ambaye naye aliingia nyumba ile pamoja na Khalil kwa sababu ya deni, tayari ni mke wa Aziz. Kwa hiyo neno zuri kabisa linaweza kuvujisha kile ambacho mwandishi alikificha kwa kurasa nyingi. Kwa upande mwingine, "Bibi" linailinda siri, lakini linamfanya msomaji kijana afikirie ajuza mwenye wajukuu, na hapo hatamwelewa mwanamke anayemtamani Yusuf.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo la tatu, na ndilo linalotugusa zaidi kama Waislamu. Mwanamke yule anamkamata Yusuf, kijana anakimbia, na shati lake linachanika kwa nyuma. Bila shaka nyote mmeshatabasamu. Kijana anaitwa Yusuf, mwenye nyumba anaitwa Aziz, na nguo imechanika kwa nyuma. Ni Surat Yusuf, aya ya 25 hadi ya 28, ambapo shahidi anasema itazamwe nguo imechanwa wapi. Ikiwa ni mbele, mwanamke amesema kweli. Ikiwa ni nyuma, kijana ni mkweli.

Msomaji wa Kiingereza aliyelelewa na Biblia anakijua kisa hiki pia, lakini kwa namna nyingine. Katika kitabu cha Mwanzo, Yusufu anaiacha nguo yake mikononi mwa mwanamke, na nguo hiyo hiyo inatumiwa kumshitaki kwa uongo. Kwake yeye nguo ni ushahidi wa kumwangamiza. Kwetu sisi nguo ndiyo inayomsafisha. Hivyo wasomaji wawili wanaweza kusoma sentensi ile ile, mmoja akaingiwa na hofu na mwingine akapata faraja.

Je, mfasiri aandike "shati" au "kanzu"? Akiandika shati, tunamwona kijana wa dukani, na mambo yanabaki ya mwanzoni mwa karne ya 20. Akiandika kanzu, mara moja tunaisikia darsa, maana wengi wetu tulisimuliwa kisa cha Nabii Yusuf kwa neno hilo hilo. Kanzu inamwambia msomaji "kumbuka" hata kabla hajakumbuka mwenyewe. Wapo watakaosema hilo ni kumsaidia mno. Sisi tunaona kwamba kwa msomaji wa Kiswahili shati linatosha, kwa sababu majina na mchaniko wa nyuma vimeshafanya kazi. Kanzu ingekuwa kama kumgusa mtu begani wakati tayari ameshageuka.

Hadi hapa tumetazama safari ya kutoka Kiingereza kuja Kiswahili. Safari ya kwenda ni ngumu zaidi, hasa kwa neno "mahari". Chukua sentensi ambayo yeyote kati yetu angeweza kuiandika: "Mahari yake ilikuwa msahafu na laki tano, akakabidhiwa mwenyewe mkononi." Kwa Kiingereza kuna maneno mawili yanayotumiwa sana. La kwanza kwa asili yake ni mali ambayo upande wa mwanamke huipeleka kwa mume, yaani kinyume kabisa cha mahari. La pili, ukilivunja, ni "bei ya biharusi". Hilo linamfanya mwanamke awe bidhaa, na msomaji atadhani fedha zile zililipwa kwa baba yake.

Sheria inasema mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe, na amri ya kumpa imo katika Surat An-Nisaa, aya ya 4. Mfasiri akichagua lile neno la bei, amegeuza haki kuwa mauzo, na hakuna sentensi nyingine katika sura nzima itakayomrudishia biharusi heshima yake. Ubaya ni kwamba kosa hilo halionekani. Kiingereza kitakuwa safi, na msomaji ataendelea kusoma bila kujikwaa.

Jambo hili lina uzito katika kisa cha Amina. Yeye kweli aliingia kwa deni, na riwaya inataka tuone ubaya wake. Msomaji akishaamini kwamba kila ndoa ya Kiislamu ni ununuzi, hataona kwamba yaliyompata Amina ni dhulma. Ataona ni desturi. Tofauti kati ya rehani na mahari ndiyo inayobeba uchungu wa kisa, na neno moja baya linaifuta.

Njia tunayoipendelea ni kuliacha neno mahari kama lilivyo katika Kiingereza, na kuiacha sentensi ijieleze: msahafu ulikuwa wake, fedha zilikuwa zake, zikawekwa mkononi mwake. Msomaji ataelewa bila kufundishwa. Njia hii ina kikomo chake, kwani ukiyaacha maneno kumi ya aina hiyo katika ukurasa mmoja, mgeni atachoka. Kwa hiyo mfasiri huchagua machache, yale ambayo yakipotea na mtu atapotea.

Ukitaka kujaribu mwenyewe, azima nakala zote mbili, Paradise na Peponi, uzifungue pale Khalil anapomkanya Yusuf. Soma Kiingereza kwanza, kisha Kiswahili, halafu jiulize ni ndugu wa aina gani aliyepotea katika kila ukurasa. Na kama una binti wa ndugu yako huko ughaibuni anayekaribia kuolewa, msomeeni pamoja kwa simu. Akiuliza walii wake ni nani, mtakuwa mmeshafika pazuri.

Wabillahi tawfiq.