Idhini Niliyoitoa Bila Kuisoma

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa majuto ni mjukuu. Mnamo Agosti 2022 nilikopa shilingi 2,000 kupitia programu moja ya simu ili nilipie uchapishaji wa tasnifu yangu. Nilichelewa kulipa kwa siku nne. Siku ya tano shangazi yangu alinipigia kutoka Kitui: "Mwanangu, kuna mtu anadai nikulipie deni. Nambari yangu ameipata wapi?" Sikuwa na jibu.

Usiku huo niliifungua ilani ya faragha ya programu hiyo, ile niliyobofya "I agree" pasipo kuisoma. Niliamua kuisoma kama tunavyofunzwa kusoma matini, yaani kwa kuvifuata vitenzi.

Palipoandikwa kwamba wenye programu "hukusanya", nilikuta nambari ya kitambulisho, mahali nilipo, jumbe za miamala ya pesa na orodha yote ya majina na nambari zilizomo simuni. Kumbe shangazi alikuwa humo! Hakuwahi kuulizwa. Idhini yake niliitoa mimi, ilhali haikuwa yangu kuitoa.

Palipoandikwa kwamba "huwapa wengine", lugha ilibadilika. Data ilikuwa imetajwa moja moja, lakini wapokeaji walifichwa nyuma ya maneno "washirika wetu, wakiwemo wakusanyaji madeni". Neno "wakiwemo" huonekana kama linaorodhesha; waama, linaacha mlango wazi kwa wasiotajwa.

Nilisalia na swali la kuiondoa idhini. Kuifuta programu hakutoshi. Nilipitia Settings, Apps, Permissions, Contacts, nikachagua "Don't allow". Hatua hiyo huziba mfereji tu. Maji yaliyokwisha kuchotwa yangali mtungini mwa mwingine. Kadhalika, tangu Mei 31, 2023, Google Play imezipiga marufuku programu za mikopo kusoma orodha ya nambari za simu, ila marufuku hayo hayafuti zilizochukuliwa awali.

Mwishoni mwa ilani palikuwa na anwani ya barua pepe. Niliandika kwamba naiondoa idhini ya kutumia orodha yangu, wazifute nambari zote na wanithibitishie kwa maandishi. Nilikitaja kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kinachomruhusu mtu kuondoa idhini wakati wowote, ingawa hakiharamishi yaliyofanywa kihalali kabla ya hapo. Walijibu kwamba nambari zimefutwa, ila rekodi ya mkopo itabaki, kwa kuwa msingi wake ni mkataba wala si idhini. Katika hilo hawakunidanganya: sheria huitambua misingi yote miwili. Laiti wangalikaa kimya, ningalipeleka malalamiko kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Nililipa deni, kisha nikampigia shangazi kumwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Na hao wengine waliomo simuni mwako, umewaambia?"