Maharage hayaivi Njombe, je, maji ya mtoto yako salama? (Sehemu ya 9)

Leo najibu swali la mama mmoja aliyehamia Njombe kutoka Dar. Anasema maharage yanatokota tangu asubuhi na bado yana kiini kigumu. Sasa ana wasiwasi: kama maji ya huku hayaivishi maharage, yataua vijidudu kwenye maji ya mtoto?

Swali zuri sana, na jibu lake lipo kwenye mchoro mmoja ambao wengi tuliuona shuleni tukaukimbia. Chukua karatasi tuuchore.

Chora mstari wa kulala chini, huo ni joto: kushoto baridi, kulia moto. Chora mwingine wa kusimama, huo ni presha, yaani hewa au mvuke unavyokandamiza maji. (Siyo ile presha ninayokupima mkononi ukija kliniki, hiyo tuiache.) Presha ya hewa ya kawaida pwani tuiite 1.

Ndani ya karatasi kuna maeneo matatu. Kushoto ni barafu, katikati juu ni maji, na upande wa kulia kushukia chini ni mvuke. Kati ya eneo na eneo kuna mstari wa mpaka. Unausoma hivi: weka kidole kwenye joto lako na presha yako, angalia kimeangukia eneo gani. Kikiangukia juu ya mpaka wenyewe, hali mbili zinakaa pamoja. Sufuria inayotokota iko hapo, mpakani kati ya maji na mvuke.

Mpaka huo wa maji na mvuke haujasimama wima, umelala mshazari. Unapanda kuelekea kulia. Ukipandisha presha, maji yanachelewa kuchemka, ukiishusha, yanawahi. Sababu ni kwamba maji yanachemka pale nguvu ya mvuke wake inapotosha kusukuma mapovu dhidi ya kinachoyakandamiza kutoka juu. Kikipungua cha kukandamiza, joto dogo linatosha.

Sasa twende Njombe. Dar iko usawa wa bahari, presha 1, maji yanachemka nyuzi 100. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu, hewa ni nyepesi, presha ni kama 0.79. Weka kidole kwenye 0.79, sogea kulia mpaka ukute mstari: unafika nyuzi 93 hivi. Hapo ndipo maharage ya mama yetu yalipokwama. Na kuongeza kuni hakusaidii! Maji yakishafika mpakani joto halipandi tena, moto wote wa ziada unaishia kutengeneza mvuke. Utamaliza maji na kuni, joto litabaki 93.

Na vijidudu je? Mama, tulia. Vijidudu vya kuharisha, pamoja na vya kipindupindu na homa ya matumbo, vinakufa chini kabisa ya 93. Kwenye nyuzi 70 tayari vinakufa haraka. Maharage ndiyo magumu kuliko vijidudu hivyo. Maji yakitokota kweli kweli, mapovu makubwa juu mpaka chini, ni salama. Kwa walioko milimani wataalamu wengine wanashauri uyaache yatokote dakika 3, na mimi naona ni tahadhari nzuri isiyo na gharama. Anayetumia maziwa ya kopo ya unga achanganye maji yakiwa hayajashuka chini ya nyuzi 70, yaani ndani ya nusu saa tangu yachemke, kwa sababu unga wenyewe unaweza kuwa na vijidudu. Halafu poza chupa kabla ya kumpa mtoto.

Maharage yake dawa yake ni kupanda mstari badala ya kuongeza moto. Presha kuka inafunga mvuke ndani. Ile ya kawaida inaongeza karibu 1 juu ya hewa ya nje. Dar inafika 2, maji yanachemka nyuzi 120 hivi. Njombe ni 0.79 na 1, jumla 1.79, unapata kama 117. Bado ni tofauti kubwa na 93, maharage yatalainika.

Hospitali tunafanya hivyo hivyo kwa mashine ya kutakasia vifaa, otoklevu. Mkasi wa kukatia kitovu hatuuchemshi tu kwenye sufuria tukaridhika. Kijidudu cha pepopunda kinajifungia kwenye ganda gumu linaloweza kuvumilia nyuzi 100, na pepopunda ya kichanga inaua. Tunataka 121, kwa mvuke, kwa muda uliopangwa.

Hapa mchoro unatusaidia kugundua kosa. Mchoro ni wa maji matupu. Kama hewa haikutolewa ndani ya mashine, saa ya presha inahesabu hewa na mvuke pamoja. Tuseme jumla ni 2 lakini nusu ni hewa: mvuke wenyewe una 1 tu, na joto lake ni 100. Presha inapendeza, vifaa havijatakasika. Ndiyo maana tunaangalia kipimajoto pamoja na saa ya presha. Namba mbili zisipokutana kwenye mstari, kuna hewa imenaswa na kazi inarudiwa. Hata nyumbani, kwa zile presha kuka za kuweka kizito juu, uache mvuke utoke kwa nguvu kwanza ndipo ukiweke.

Tushuke sasa chini kabisa ya karatasi. Ukifuata mstari wa kuchemka kushuka, unafika mahali mipaka yote mitatu inakutana: nyuzi 0.01, presha karibu 0.006. Hiyo ndiyo nukta ya utatu. Hapo barafu, maji na mvuke vinakaa pamoja kwenye chombo kimoja, maji yanachemka huku yanaganda.

Chini ya nukta hiyo eneo la maji halipo tena. Barafu ukiipa joto haiyeyuki, inageuka mvuke moja kwa moja. Na wewe umeshaona kazi yake kwenye kliniki ya mtoto. Chanjo ya BCG na ya surua zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Ukivikausha kwa kuvichemsha, umeviua. Kiwandani wanagandisha chanjo, wananyonya hewa mpaka presha ishuke chini ya nukta ya utatu, halafu wanatia joto kidogo kidogo. Barafu inaondoka kama mvuke, chanjo inabaki unga mkavu kama sifongo. Presha ikipanda au joto likizidi njiani, unga unalowana na kubomoka, kichupa hicho hakifai.

Ndiyo maana unaniona nashika vichupa viwili, wa unga na wa maji yake maalumu, navichanganya mbele yako. Nikishachanganya nimerudisha maji ambayo kiwanda kilihangaika kuyaondoa, na saa inaanza kuhesabu: saa 6 tu, au mwisho wa kliniki kama utawahi kufika, kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo nikikuambia "mama subiri kidogo, watoto wafike wengi ndipo nifungue", kichupa kimoja kina dozi za watoto wengi na sitaki kuzimwaga.